Dawa ya Meno si Peremende

Kiswahili kilipokipa jina kile tunachokipaka kwenye mswaki kila asubuhi, hakikutazama umbo lake wala rangi yake. Kiingereza kinakiita kwa umbo, kwa maana ya kitu kilichopondwa na kukandwa hadi kikalainika. Sisi tunakiita kwa kazi yake: dawa ya meno. Dawa ina kipimo, ina kiambato kinachotibu, na ina mtu mzima anayeishika chupa. Haya matatu yamo ndani ya neno lenyewe, nasi tunalitamka kila siku bila kuyasikia.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kufundisha wanafunzi wa chuo kikuu namna ya kuyasoma matini, sikuyasikia hadi yaliponifika. Mwanangu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka minne alipoanza kulia usiku akishika shavu. Tulipomfikisha kwa daktari wa meno hapa Nairobi, alikutwa na matundu katika magego mawili ya juu. Nilishangaa, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa akipiga mswaki mara mbili kila siku, tena kwa hiari. Hakuhitaji kufukuzwa nyumba nzima kama kaka zake walivyofukuzwa zamani. Alipenda dawa yake: jeli ya samawati yenye nyota ndogo za rangi ya fedha, na ladha ya stroberi.

"Mwalimu," daktari akaniambia, "kesho niletee hiyo dawa yenyewe."

Nilimpelekea. Hakuitazama mbele palipochorwa mwanasesere akitabasamu. Aliigeuza nyuma, akanirudishia, akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: maji, sorbitoli, silika, gliserini, sakarini, ladha, mika, dioksidi ya titani, rangi. Nikafika mwisho. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Umeona mahali popote palipoandikwa herufi hizi: f, l, u, o, r?" Hapakuwa. Kwa muda wa miaka miwili mtoto wangu alikuwa akisugua meno yake kwa kitu kitamu kinachometameta, ambacho ndani yake hamkuwa na dawa.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hebu basi tuufungue mkakasi huu, tuone kila kitu kinachomvutia mtoto kinafanya kazi gani.

Tuanze na utamu. Wazazi wengi hudhani kuwa dawa tamu ina sukari, na kwamba sukari hiyo ndiyo inayoozesha meno. Sivyo. Utamu huo hutokana aghalabu na sorbitoli na sakarini, vitu ambavyo bakteria wa kinywani hawawezi kuvigeuza kuwa asidi kwa wepesi kama wanavyoigeuza sukari ya chai. Kwa hiyo ladha ya stroberi, ya embe au ya chingamu haimdhuru mtoto kwa kuwa tamu. Tena ina faida yake, kwa sababu watoto wengi huona mnanaa wa dawa za watu wazima ukiwachoma ulimi, na mtoto anayechomwa hukataa mswaki. Hatari ya utamu iko kwingine. Kitu chenye ladha ya peremende humezwa kama peremende. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watoto wadogo waliopewa dawa ya ladha ya kawaida na waliopewa ya ladha ya kitoto. Waliona kwamba ile ya kitoto ilipakwa kwa wingi zaidi.

Kisha jeli. Jeli hupitisha mwanga kwa sababu kisuguo chake ni silika, ambayo ikichanganywa na sorbitoli na gliserini kwa kipimo kinachofaa haionekani kwa macho. Dawa nyeupe nyingi hutumia chaki, yaani kabonati ya kalsiamu, na ndiyo maana hazipitishi mwanga. Tofauti hii si ya sura tu. Kalsiamu ya chaki huweza kuikamata floraidi ikiwa floraidi hiyo imetiwa kama sodiamu floraidi, ikabaki imefungwa isiyafae meno. Kwa hiyo watengenezaji wanaoijua kazi yao hutia sodiamu floraidi katika silika, na katika chaki hutia monofluorofosfeti ya sodiamu. Basi jeli kama jeli haina kosa. Ukikuta chaki na sodiamu floraidi pamoja katika tyubu moja, hapo ndipo pa kutia shaka.

Tatu, nyota zenyewe. Mng'aro katika dawa ya meno kwa kawaida hutokana na mika, jiwe linalopasuka kuwa vigamba vyembamba, vikapakwa dioksidi ya titani ili virudishe mwanga. Vitu hivi vina namba zake katika orodha ya rangi: mika ni CI 77019, na dioksidi ya titani ni CI 77891. Havina kazi yoyote katika jino. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku dioksidi ya titani katika vyakula, baada ya wataalamu wake kusema mwaka uliotangulia kwamba hawawezi tena kuihakikishia usalama. Marufuku hayo yalihusu vyakula, hayakuzigusa dawa za meno, ambazo mtu mzima huzitema. Lakini mtoto wa miaka miwili hatemi. Simwambii mzazi kuwa nyota hizo ni sumu. Namwambia kuwa hazimfai mtoto kwa lolote, na kwa kuwa atazimeza, ni heri asiwe nazo. Kuhusu chembe za plastiki, ambazo huandikwa poliethilini, hapo pasiwe na mjadala. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa katika dawa za meno mwaka 2015, baada ya wahudumu wa meno kuanza kuzikuta zimenasa katika fizi za wagonjwa.

Ladha, jeli na nyota vyote vimepita, na bado hatujakutana na dawa. Dawa ni floraidi. Bakteria wa kinywani wanapokula sukari na wanga hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, yaani lile gamba gumu la jino. Mate hujaribu kuyarudisha madini hayo baina ya mlo na mlo. Floraidi ikiwapo juu ya jino, urudishaji huo huharakishwa, na gamba linalojengwa upya huistahimili asidi kuliko lile la awali. Ieleweke kuwa kazi hii hufanyika juu ya jino, wala si tumboni. Floraidi iliyomezwa hailiponyi jino linalotoboka.

Kiasi cha floraidi katika dawa huandikwa kwa alama ya ppm, maana yake sehemu katika milioni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, likataja kiwango cha baina ya 1000 na 1500 ppm. Chini ya 1000 ushahidi wa manufaa unakuwa dhaifu, na zile za kitoto zenye 500 au pungufu hazijathibitishwa kwa uhakika kuwa zinazuia kuoza. Lebo nyingine hazitaji ppm bali hutaja asilimia ya chumvi nzima, na hapo mzazi huweza kupotea. Sodiamu floraidi ya asilimia 0.22 ni sawa na 1000 ppm, na monofluorofosfeti ya asilimia 0.76 ni sawa na 1000 ppm vilevile. Namba mbili zilizo mbali mbali, nguvu ni moja.

Msomaji atauliza: ikiwa 1000 ppm ndicho kiwango kifaacho, na mtoto humeza, je, hatudhuriki kwa upande wa pili? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi anaiweza. Dawa ya 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Wataalamu wanaagiza kuwa mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, ambacho ni kama gramu 0.1. Hata akiimeza yote, amemeza miligramu 0.1, na kwa mara mbili kwa siku ni 0.2. Wa miaka mitatu hadi sita apakiwe kiasi cha punje ya njegere, yaani gramu 0.25 hivi. Akiimeza yote mara mbili, ni miligramu 0.5. Sasa tazama picha iliyo kwenye tangazo: utepe mnene wa jeli uliojaza mswaki kutoka mwanzo hadi mwisho, ukapindwa nchani kama wimbi. Utepe huo hufika gramu 1 au kuizidi. Mtoto akiumeza asubuhi na jioni, ameingiza miligramu 2. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka mwaka 1997 kuwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe miligramu 1.3 kwa siku, kutoka kila chanzo. Tyubu ni ileile. Punje ya mchele ni dawa, na utepe wa tangazo ni kupita kiasi.

Hapa ndipo ninapolazimika kumleta mpwa wangu, kwa kuwa bila yeye hesabu hii ingekuwa nusu.

Dada yangu mdogo anaishi viungani mwa Nakuru, na bintiye sasa yuko Gredi ya Nane. Meno yake ya mbele yana mabaka ya hudhurungi ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Alipokuwa mdogo, mwalimu mmoja wa shule yake alimrudisha nyumbani mbele ya wenzake, akimwambia asirejee kabla hajapiga mswaki. Tangu siku hiyo msichana huyu huficha kinywa kwa kiganja kila anapocheka. Nilipozuru kwao Desemba iliyopita, tulikuwa tukicheka sote sebuleni, na yeye peke yake akacheka nyuma ya mkono. "Mjomba," akaniuliza baadaye, "nitaacha lini kunuka kinywa?" Kinywa chake hakikuwa kikinuka hata kidogo.

Alicho nacho ni florosisi. Bonde la Ufa lina miamba ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo huyeyusha floraidi. Katika visima vingi vya huko floraidi hupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani na cha viwango vyetu vya maji. Hali ni hiyohiyo katika sehemu za Arusha kwa jirani zetu, na visima vingi vilivyochimbwa ndani ya Nairobi navyo havisalimiki. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Nyandarua, ni ya juu ya ardhi na floraidi yake ni haba.

Dada yangu aliyapima maji ya kisima chao baada ya daktari kumshauri. Yalikuwa na miligramu 3 kwa lita. Turudi basi katika hesabu. Mtoto wa miaka miwili anayepata lita moja kwa siku, katika uji, chai na maji ya kunywa, alikuwa akiingiza miligramu 3 kabla hajaugusa mswaki. Kikomo chake ni 1.3. Enameli ya meno yake ya mbele ya kudumu ilikuwa ikijengwa wakati huohuo, ndani ya ufizi, mahali ambapo hapana aliyeweza kuiona. Jino lilipochomoza akiwa na miaka saba, uharibifu ulikuwa umekwisha kutendeka miaka mitano nyuma. Mwalimu yule alikuwa akimwadhibu mtoto kwa maji aliyonyweshwa akiwa mchanga.

Dada yangu alipoisikia habari ya floraidi alifanya kile ambacho wengi wangekifanya. Alikwenda dukani akamnunulia mtoto wake wa pili jeli isiyo na floraidi kabisa, yenye nyota kama za mwanangu, na akaendelea kumchotea maji katika kisima kilekile. "Kaka, si nimeiondoa sumu?" aliniuliza. Nikamwandikia kwenye karatasi. Punje ya mchele mara mbili kwa siku ni 0.2. Kisima ni 3. Alikuwa ameziba tundu la sindano, na mlango uko wazi. Tena alikuwa ameyanyima meno ya mtoto ile floraidi ya juu ya jino inayozuia kuoza, akamwachia ile ya tumboni inayochafua.

Dawa ya Nakuru ilikuwa katika maji. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki, ikawa nzito zaidi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, na tangi moja la mvua lililotengwa kwa ajili ya uji na kinywaji cha watoto wadogo hutosha kuibadili hesabu. Viko pia vichujio vya makaa ya mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ni miongoni mwa waliovieneza, ila makaa hayo huchoka na yasipobadilishwa kichujio huwa pambo. Dada yangu alichagua tangi. Dawa ya meno akairudia ile ya 1000 ppm, kwa punje ya mchele, huku yeye mwenyewe akiishika tyubu. Katika sehemu ambako maji yamepita kikomo na hayabadilishiki, mzazi amwone daktari wa meno kabla ya kuamua, kwa sababu uamuzi hutegemea namba ya kisima na umri wa mtoto.

Tumeona basi watoto wawili na jeli za namna moja. Mmoja alioza meno kwa kukosa floraidi, mwingine aliharibikiwa kwa kuzidishiwa. Aliyeishika tyubu akatazama nyota na stroberi peke yake asingeweza kumwokoa hata mmoja.

Mzazi anayesimama mbele ya rafu Januari, orodha ya shule mkononi, na aigeuze tyubu. Aitafute silabi ile ya fluor. Asipoiona, airudishe, hata kama imeandikwa kuwa ni salama kumezwa, maana usalama huo umepatikana kwa kuitoa dawa. Akiiona, aitafute namba, nayo isiwe chini ya 1000. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kuwa floraidi inayofaa hupungua kadiri dawa inavyokaa. Baina ya mbili zilizotimiza haya, na mtoto achague ladha. Kisha nyumbani tyubu iwekwe juu mkono wa mtoto usipofika. Mtoto mwenye uzani wa kilo 10 akila gramu 50 za dawa ya 1000 ppm atakuwa ameingiza miligramu 50, kiwango ambacho huhitaji hospitali mara moja. Apewe maziwa njiani, kwani kalsiamu yake huikamata floraidi tumboni, lakini maziwa hayo yasiwe sababu ya kuahirisha safari.

Na akishapiga mswaki, afundishwe kutema, wala asisukutue kwa kikombe kizima cha maji. Maji hayo huiosha dawa kabla haijafanya kazi. Watoto wengi huweza kutema sawasawa wakikaribia miaka sita. Kabla ya hapo mswaki ni kazi ya mzazi.

Lakini siwezi kumtwika mzazi mzigo wote. Ile tyubu ya mwanangu ilikuwa na herufi kubwa za rangi mbele, na viambato vyake vilikuwa nyuma kwa herufi ndogo kuliko za gazeti hili, kwa Kiingereza, katika mkunjo wa tyubu unaofichika kadiri unavyoikamua. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa aliyoinunua. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ukiziweka ibara hizi mbili pamoja, sioni kwa nini Shirika la Viwango lisimlazimishe kila mtengenezaji na kila mwagizaji aiandike namba ya floraidi mbele ya tyubu, kwa Kiswahili, kando ya yule mwanasesere: ina floraidi kiasi hiki, au haina floraidi. Maneno matatu au manne yangetosha.

Nanyi walimu wenzangu, hasa wa chekechea na madarasa ya chini, mkimwona mtoto mwenye meno ya hudhurungi, msimrudishe nyumbani akapige mswaki. Muulizeni maji yao huchotwa wapi.

Mpwa wangu nilimjibu swali lake kwa kumchorea jino, na ufizi, na kisima. Alilitazama lile jino kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mwalimu wake wa zamani anaweza kuchorewa picha hiyo pia.